Daftari Ndani ya Duara: Ikoni Isiyokatwa Pembe

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo tutachukua ikoni moja tu na kuitengeneza hadi mwisho. Ni ikoni ya programu ndogo ya Android ya kutunza hesabu za kikoba: nani kanunua hisa ngapi, nani ana mkopo, nani hajalipa. Alama tuliyochagua ni daftari lililosimama wima, kwa sababu mwanakikoba yeyote akiliona anajua ni la nini. Rangi nyuma ni kijani kibichi, daftari ni jeupe.

Daftari ni mstatili, na mstatili ndio umbo linaloumia haraka zaidi simu inapokata pembe. Tuone kwa nini.

Tangu Android 8, iliyotoka mwaka 2017, ikoni haitolewi tena kama picha moja iliyokamilika. Unampa mfumo matabaka mawili, la nyuma na la mbele, kila moja likiwa mraba wa dp 108 kwa 108, dp ikiwa kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli za skrini. Simu huyapachika, kisha huyakata kwa kiolezo chake yenyewe. Simu moja hukata duara, nyingine mraba wenye pembe za mviringo, nyingine umbo lililo katikati ya hayo mawili. Wewe huchagui. Dirisha linalobaki kuonekana ni dp 72 kwa 72 katikati ya turubai hiyo ya 108, maana yake dp 18 kila upande zimefichwa. Hizo dp 18 hazipotei bure: skrini ya mwanzo inaweza kuzitumia kusogeza matabaka kidogo kidole kinapovuta ikoni. Kwa hiyo rangi ya nyuma lazima ijaze turubai nzima bila kuacha uwazi, hata sehemu usiyotarajia kuiona.

Ndani ya dirisha hilo kuna duara salama la kipenyo cha dp 66. Kilichomo humo hakikatwi na kiolezo chochote. Angalieni neno duara. Wachoraji wengi husikia "ukingo salama" wakafikiria fremu ya mraba, wakaacha nafasi sawa juu, chini, kulia na kushoto, wakaridhika. Pembe za mstatili ziko mbali na katikati kuliko kingo zake, na pembe ndizo zinazokatwa.

Tuchukue daftari la upana wa dp 48 na urefu wa dp 64, likiwa katikati. Ukilitazama ndani ya mraba wa 72, limebakiza dp 4 juu na dp 12 ubavuni. Linaonekana limekaa vizuri. Sasa pimeni umbali kutoka katikati hadi pembe moja. Nusu ya upana ni 24, nusu ya urefu ni 32, na kwa kanuni ya Pithagorasi umbali ni 40. Duara la dirisha lina nusu kipenyo cha 36. Pembe imetoka nje kwa dp 4. Na hasara ni kubwa kuliko hizo 4 zinavyosikika, kwa kuwa katika kimo cha ukingo wa juu wa daftari duara lina nafasi ya dp 16.5 tu kila upande wa mstari wa kati. Ukingo huo unapoteza dp 7.5 kushoto na 7.5 kulia. Daftari linageuka kuwa kitu kama pipa.

Hapo ndipo mtu anaposema, "Mbona kwenye simu yangu iko sawa?" Ni kweli iko sawa, kwa sababu simu yake inakata mraba wenye pembe za mviringo, na pembe za daftari letu hazifiki kule kwenye mkunjo. Kosa litaonekana kwa mwenzake mwenye simu ya duara.

Wengine hujaribu kuliokoa kwa kuviringisha pembe za daftari lenyewe. Ukiziviringisha kwa nusu kipenyo cha dp 6, ncha ya mbali inashuka kutoka 40 hadi kama 37.6. Bado iko nje ya 36. Dawa ni kupunguza umbo zima.

Tulipunguze hadi robo tatu: upana 36, urefu 48. Nusu zake ni 18 na 24, umbali wa pembe unakuwa 30 kamili. Duara salama lina nusu kipenyo cha 33, kwa hiyo tuna dp 3 za akiba. Kwenye turubai ya 108, daftari linaanzia 36 hadi 72 kutoka kushoto kwenda kulia, na 30 hadi 78 kutoka juu kwenda chini. Mtaliona dogo kwenye kompyuta. Acheni hivyo hivyo. Dp 18 za pembeni zikishaondolewa litaonekana la kiasi.

Sasa kalamu. Mtu anatamani kuweka kalamu iliyochomoza kwenye pembe ya juu kulia. Ncha yake ikifika dp 24 kulia na dp 30 juu ya katikati, umbali ni zaidi ya 38, na ncha inakatwa. Kalamu isiyo na ncha ni kijiti. Ilazeni ndani ya daftari, au iondoeni, mimi ningeiondoa. Mistari ya daftari nayo iwe miwili au mitatu minene. Skrini ikionyesha dirisha la 72 kwa ukubwa wa dp 48, kila kitu kinabaki theluthi mbili, hivyo mstari wa dp 3 unakuwa 2, na wa dp 1 unafifia.

Mafaili yakishakuwa tayari, faili la `res/mipmap-anydpi-v26/ic_launcher.xml` linakuwa hivi:

```xml
<adaptive-icon xmlns:android="http://schemas.android.com/apk/res/android">
  <background android:drawable="@color/ic_bg"/>
  <foreground android:drawable="@drawable/ic_fg"/>
  <monochrome android:drawable="@drawable/ic_mono"/>
</adaptive-icon>
```

Mstari wa `monochrome` ni wa ikoni za rangi moja, zilizoanza na Android 13. Hapo mfumo hautazami rangi zako kabisa, unatazama tu palipojaa na palipo wazi. Mistari ya kijani iliyochorwa juu ya daftari jeupe itamezwa, na mtapata bamba tupu. Katika tabaka hilo mistari itobolewe iwe matundu.

Kosa jingine la kawaida ni kuchukua ikoni ya zamani, yenye pembe zake za mviringo na fremu nyembamba, na kuitumia kama tabaka la mbele. Mkunjo wako na mkunjo wa simu haufanani, kwa hiyo unapata pembe mbili, moja ndani ya nyingine, na fremu inayoonekana pande nne lakini imekatika kwenye kona. Msichore pembe wala fremu ya kufuata ukingo. Ukingo si wenu.

Kwa Play Store kunahitajika PNG ya pikseli 512 kwa 512, mraba kamili, kwani duka nalo hukata pembe lenyewe. Msikuze turubai nzima ya 108 hadi 512, daftari litaonekana limepotea katikati ya uwanja wa kijani. Kateni kwanza dirisha la 72, ndipo mkuze. Kila dp inakuwa pikseli 7.11, na daftari letu linatoka na upana wa pikseli 256 na urefu wa 341.

Kabla ya kutuma, fungueni zana ya Image Asset ndani ya Android Studio mtazame kila kiolezo kinachoonyeshwa pale, mkianza na duara. Kisha wekeni programu kwenye simu halisi, mshike simu kwa umbali wa mkono ulionyooka, muone kama daftari bado linasomeka kuwa daftari.