Posti Ile Ile, Hela Ile Ile: Kubusti au Kuingia Ads Manager?

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko kwa Meta, yaani Facebook na Instagram. Una posti imefanya vizuri, chini yake kuna kitufe cha Boost post. Ukibonyeza, dakika mbili tangazo limeondoka. Kaka Bakari, kwa nini mtu ajisumbue na Ads Manager, ile sehemu ya Meta ya kutengeneza na kusimamia matangazo?

BAKARI: Tuanzie pale watu wengi wanapokosea, dada Rehema. Wanadhani tofauti ni wingi wa vitufe. Ukibusti, bado unanunua tangazo kwenye mnada ule ule, ambamo matangazo yanashindania nafasi ya kuonekana, na hata ukifungua Ads Manager utaikuta busti yako mle ndani kama kampeni. Kinachotofautiana ni amri unayoupa mfumo: nitafutie watu wa kufanya nini?

REHEMA: Lakini hata kwenye kubusti unaulizwa lengo.

BAKARI: Unaulizwa, ila machaguo ni machache. Kwa kawaida utakuta kupata meseji, kutembelewa tovuti, au watu kuingiliana na posti. Meta inajua nani ana mazoea ya kupiga laiki, nani hubofya linki, nani hununua. Ukiomba laiki, inawapelekea tangazo wapiga laiki, na hao mara nyingi ni rahisi kufikiwa kuliko wanunuzi. Kwa hiyo namba zinapendeza, huku oda hakuna. Si kwamba umeibiwa, umepewa ulichoagiza.

REHEMA: Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu anauza kozi ya ushonaji mtandaoni. Ana video ya sekunde 40, na linki ya ukurasa wa kulipia. Bajeti ni 70 kwa siku 7, fedha yoyote ile. Kwanza anabusti kwa kutafuta mwingiliano.

BAKARI: Tuseme anapata laiki 400 na mibofyo 35 ya linki. Ukigawa, kila mbofyo umemgharimu 2. Ndiyo namba ya kuanza nayo. Zile laiki 400 aziweke pembeni kwanza.

REHEMA: Sasa tumhamishie Ads Manager. Na asitengeneze tangazo jipya, maana atapoteza komenti zote.

BAKARI: Hapo umegusa penyewe. Ads Manager ina ngazi tatu: Campaign, Ad set na Ad. Anabonyeza Create. Kwenye Campaign anachagua lengo, tuseme Sales. Kwenye Ad set anaweka tovuti kama mahali pa kupata matokeo, kisha pikseli, yaani kipande cha msimbo kwenye tovuti kinachoiambia Meta wageni wamefanya nini, halafu tukio analolitaka, bajeti, walengwa, na sehemu tangazo litakapotokea. Akifika ngazi ya Ad, kwenye Ad setup, anabadilisha Create ad kuwa Use existing post, halafu anachagua ile video. Laiki na komenti zote zinakuja nayo, na mpya zinaendelea kurundikana kwenye posti hiyo hiyo.

REHEMA: Na busti ya mwanzo?

BAKARI: Aizime kwanza. Matangazo mawili ya akaunti moja yakiwawinda watu wale wale, Meta huliingiza mnadani lile inaloona lina thamani zaidi, jingine linabaki nje. Bajeti inagawanyika na hakuna linalokusanya matokeo ya kutosha.

REHEMA: Ya kutosha maana yake ngapi? Kwenye skrini watu wanaona neno Learning, yaani mfumo bado unajifunza, wengine Learning limited, yaani matokeo ni machache mno kujifunzia, wanaingiwa na hofu.

BAKARI: Kila ad set inahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja ndipo itulie. Matokeo yenyewe ni lile tukio ulilochagua. Sasa tupige hesabu ya kozi yetu. Tuseme mnunuzi mmoja anagharimu 8. Kwa 70 atapata wanunuzi wanane hivi. Ili afike 50 angehitaji 400 kwa wiki. Akichagua tukio la Purchase, yaani ununuzi, ataganda kwenye Learning limited.

REHEMA: Aongeze hela?

BAKARI: Kama hana, apande ngazi moja juu kwenye safari ya mteja. Tuseme anayefungua fomu ya malipo anagharimu 1.5. Hapo 70 inampa watu 46, karibu sana na 50. Kwa hiyo achague tukio la InitiateCheckout. Asipande hadi mbofyo mtupu, kwa sababu wabofyaji si lazima wawe wanunuzi, na tutakuwa tumerudi kwenye ugonjwa wa laiki.

REHEMA: Halafu awe na subira. Ukibadilisha walengwa leo, kesho video, keshokutwa unapandisha bajeti mara mbili, kila badiliko kubwa linairudisha ad set mwanzo.

BAKARI: Ndiyo maana wengine wanamaliza mwezi mzima bado wako kwenye Learning. Mkono hautulii!

REHEMA: Tuseme hana pikseli, tovuti yenyewe hana uwezo wa kuigusa.

BAKARI: Basi Sales ya tovuti aiache kwa sasa, maana Meta haitajua nani alifika kwenye malipo. Na hapa niseme ukweli: kama biashara yake inafungwa kwenye meseji, busti ya kutafuta meseji inamfaa kabisa. Meta inatafuta watu wanaoanzisha mazungumzo, na ndicho anachotaka. Ila kama ana iPhone, asilipie busti ndani ya programu. Tangu 2024 malipo ya namna hiyo yanaweza kuongezewa ada ya Apple ya asilimia 30, yaani bajeti ya 70 inakuwa 91. Afungue facebook.com au instagram.com kwenye kivinjari, abusti huko.

REHEMA: Hilo la asilimia 30 wengi hawaangalii mpaka kadi imekatwa. Tumalizie na kusoma matokeo. Kampeni imeenda siku tano, mibofyo ni mingi, wanaofika kwenye fomu hakuna. Unaanzia wapi?

BAKARI: Naweka safu mbili kando kando: Link clicks na Landing page views. Ya kwanza ni waliobofya, ya pili ni ambao ukurasa uliwafungukia. Mibofyo 140 na kurasa 112, hiyo ni hali ya kawaida. Mibofyo 140 na kurasa 50, kuna kitu kimeharibika.

REHEMA: Ukurasa mzito?

BAKARI: Mara nyingi. Ufungue kwenye simu ya kawaida, kwa data, siyo Wi-Fi ya ofisini. Ukifunguka haraka, nenda Breakdown, chagua Placement. Ukikuta mibofyo imejazana Audience Network, yaani matangazo ndani ya programu za watu wengine, huenda vidole vimeteleza katikati ya gemu. Kwenye Ad set, chini ya Placements, unachagua zile za mkono na kuitoa hiyo moja. Ukibaki kwenye skrini ya kubusti tu, usingepata nafasi ya kuchimba hivyo.

REHEMA: Na kuitoa nako ni badiliko kubwa.

BAKARI: Ndiyo, Learning inaanza upya. Kwa hiyo ukurasa urekebishe kwanza, kwa sababu huo uko nje ya Ads Manager na hauigusi ad set hata kidogo.