Gunia la Mkaa na Mshale: Kutafsiri "Kila" na "Kuna" kwa Alama za Mantiki

Karibuni, ndugu zangu. Leo nina kosa moja tu la kuzungumzia. Kila anayeanza kuandika sentensi kwa alama za mantiki hulifanya, na hulifanya kwa namna mbili. Namna ya kwanza hujulikana mapema. Ya pili inaweza kukaa kwenye daftari mwaka mzima bila mtu kuiona.

Tupande daladala. Ndani mna vitu vitano: dereva, konda, Neema, Baraka na gunia la mkaa. Neema na Baraka ni abiria. Hivyo vitano ndivyo dunia yetu yote. Kila tunaposema x, tunazungumzia kimojawapo. Tuandike A(x) kwa maana ya "x ni abiria" na L(x) kwa maana ya "x amelipa nauli". Alama ∀ tuisome "kwa kila", ∃ tuisome "kuna", ∧ tuisome "na", mshale → tuusome "ikiwa… basi", na ¬ tuisome "si kweli kwamba".

Neema na Baraka wameshalipa. Konda anasema: "Kila abiria amelipa." Amesema kweli. Tumwandikie vipi? Wengi huandika hivi:

∀x(A(x) ∧ L(x))

Ukisoma haraka utaona sawa: kuna "kila", kuna abiria, kuna kulipa. Lakini isome polepole, kitu kimoja baada ya kingine, kwa sababu ∀ haichagui. Haijui kwamba unawataka abiria tu. Inamfikia Neema: ni abiria na amelipa, apite. Baraka vilevile. Inamfikia dereva: je, ni abiria na amelipa? Hapana. Basi fomula imeshaanguka, hata kabla hatujafika kwenye gunia. Ulichoandika ni kwamba kila kilichomo ndani ya gari ni abiria, gunia la mkaa likiwemo, na kila kimoja kimelipa. Konda hakusema hivyo.

Sasa tuweke mshale:

∀x(A(x) → L(x))

Mshale una tabia moja ya kukumbuka: huwa uongo pale tu ambapo upande wa kushoto ni kweli na wa kulia ni uongo. Kwa hiyo ∀ ikifika kwenye gunia, inauliza: "Ikiwa wewe ni abiria, umelipa?" Gunia si abiria, basi sharti halijavunjwa, na tunasonga mbele. Dereva na konda hivyohivyo. Anayeweza kuiangusha fomula hii ni mmoja tu: abiria ambaye hajalipa. Na huyo ndiye hasa angemfanya konda awe mwongo.

Mtu akishaelewa hapo hufurahi, akabeba mshale wake hadi kwenye "kuna". Hapo ndipo namna ya pili ya kosa inapoingia. Tubadilishe hali: gari limeondoka sasa hivi na hakuna aliyelipa hata senti. Mtu anadai: "Kuna abiria amelipa." Ni uongo mtupu. Mwanafunzi wetu anaandika:

∃x(A(x) → L(x))

Hii ni kweli! Chukua gunia. Si abiria, kwa hiyo upande wa kushoto wa mshale ni uongo, kwa hiyo mshale mzima ni kweli, na ∃ haihitaji zaidi ya kitu kimoja. Gunia limekuwa shahidi kwamba nauli imelipwa. Ukiichambua fomula hiyo, inasema tu kwamba ama kuna kitu kisicho abiria, ama kuna kitu kilicholipa. Katika dunia yoyote ya kawaida, dai hilo ni kweli kabla hujauliza lolote kuhusu nauli. Sahihi ni ∃x(A(x) ∧ L(x)): tafuta kitu kimoja chenye sifa zote mbili kwa pamoja.

Mnaona kwa nini nasema kosa la pili ni baya zaidi? La kwanza hutoa fomula kali mno. Inakuwa uongo pale ambapo sentensi ni kweli, na mtu atalalamika. La pili hutoa fomula legevu mno. Inakubali karibu kila kitu, na anayekubaliwa kila kitu halalamiki.

Dada pale nyuma ameuliza: "Mwalimu, mbona mimi nilijaribu kwa mfano na fomula zote mbili zikatoa jibu moja?" Namshukuru. Nina hakika dunia ya mfano wake ilikuwa na abiria watupu. Kila kitu kikiwa abiria, A(x) ni kweli daima, na hapo A(x) ∧ L(x) na A(x) → L(x) hazitofautiani hata chembe. Kwa hiyo ukitaka kupima tafsiri yako, weka gunia ndani ya gari. Bila kitu kisichohusika, kipimo hakikamati kosa.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi: kanusha. Si kweli kwamba kila abiria amelipa. Maana yake, kwa lugha ya kawaida, kuna abiria ambaye hajalipa. Fomula zinafuata njia hiyohiyo: ¬∀x(A(x) → L(x)) ni sawa na ∃x(A(x) ∧ ¬L(x)), kwa kuwa kuukanusha mshale ni kusema kushoto ni kweli na kulia ni uongo. Ndiyo maana mshale wa "kila" na "na" ya "kuna" huenda pamoja: ukikanusha mmoja unampata mwenzake. Ukikanusha ile mbovu ya kwanza unapata "kuna kitu ambacho si abiria au hakijalipa". Hapo mkaguzi ataambiwa amkamate gunia.

Mtaniuliza: gari likiwa halina abiria hata mmoja? Hapo ∀x(A(x) → L(x)) ni kweli, maana hakuna wa kulivunja sharti. Katika mantiki ya Aristoteli, "kila" ilibeba ndani yake "baadhi"; katika mantiki inayotokana na kazi ya mwanamantiki Mjerumani Frege ya mwaka 1879, haibebi. Ukitaka kusema pia kwamba abiria wapo, ongeza mwenyewe: ∧ ∃x A(x).

Sasa msiende nyumbani mkidhani alama ∧ ni haramu baada ya ∀. "Abiria akilipa hupewa tiketi" haina neno "kila", lakini "kila" imo. T(x) ikiwa "x hupewa tiketi", tunaandika: ∀x((A(x) ∧ L(x)) → T(x)). Alama ∧ imekaa ndani ya sharti, na kiunganishi kikuu bado ni mshale.

Tumalizie na sentensi yenye vyote viwili: "Kila abiria ameketi kwenye kiti." Tuviongeze viti kwenye dunia yetu, K(y) iwe "y ni kiti" na E(x,y) iwe "x ameketi kwenye y". Anza nje: kila abiria, basi mshale. Kisha ndani: kuna kiti, basi "na".

∀x(A(x) → ∃y(K(y) ∧ E(x,y)))

Ukiweka mshale pale ndani, K(y) → E(x,y), y inaweza kuwa gunia, na fomula itakuwa kweli hata kama Neema na Baraka wamesimama tangu Ubungo. Na mkiambiwa "Kuna kiti ambacho abiria wote wameketi", geuzeni mpangilio, kila kiunganishi kikifuata alama yake: ∃y(K(y) ∧ ∀x(A(x) → E(x,y))). Maswali?