Babu amefariki, mtoto tunamwambiaje?

Haya wazazi, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Leo tumchukue mtoto mmoja tu, ana miaka 5, babu yake kafariki usiku huko Temeke na maziko ni baada ya adhuhuri, yaani mama ana masaa machache ya kuamua na simu haiachi kuita.

Kwanza amwambie. Asiseme babu amelala, maana usiku mtoto atagoma kulala, wala asiseme kasafiri, siku baba akienda Dodoma kikazi hapo nyumbani patakuwa kilio. Neno ni amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi tena, hasikii baridi. Mwili kwanza, halafu ndo imani, kwamba sisi tunaamini amerejea kwa Mungu. Ukianza na "Mungu kampenda zaidi kamchukua", mtoto anapiga hesabu zake kimyakimya: na mama je, si anapendwa pia? Halafu usishangae akiuliza swali lilelile mara kumi, au akilia kidogo kisha akaomba chipsi. Umri huo wengi bado hawajashika kwamba aliyekufa harudi.

Na msimwambie anyamaze. Mtume Muhammad alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na Yesu alilia kwa Lazaro, sasa sisi wa Mbagala tunamkatazaje mtoto?

Haya, aende asiende? Mweleze atakachokiona, turubai, watu wengi, wengine wanalia kwa sauti, babu amevishwa sanda, wanaume wanabeba jeneza kwenda makaburini. Halafu muulize, na akikataa imeisha hiyo. Akikubali, mpe mtu wake maalum, shangazi au jirani ambaye si mfiwa mkubwa, wa kumshika mkono na kumtoa nje akitaka. Hapa ndo tunapokosea sana, mama mwenyewe kazidiwa halafu mtoto anazurura tu kati ya miguu ya watu. Kama familia yenu wanawake hawaendi makaburini, binti naye awepo mpaka jeneza linapotoka, inatosha, mwambie mapema asije akadhani kafukuzwa.

Kwa Wakristo kigumu ni kuaga mwili. Foleni inasukuma, mjomba anamnyanyua mtoto "muage babu!" na mtoto anaona pamba puani hakuna aliyemwambia. Mjomba akataliwe, hata kama ndo mwenyekiti wa kamati. Mtoto anaweza kuaga kwa kuweka ua, au kuchora picha ikaenda na babu.

Baadaye akicheza kuzika mdoli msimpige, ndo anavyojifunza. Akianza kukojoa kitandani au kukung'ang'ania wiki za mwanzo vumilieni, ila miezi ikipita bado hali vizuri, halali, hataki hata kucheza, mpelekeni hospitali akaonwe.

Kuna mama ameniandikia hapa, mtoto kauliza babu atapumuaje chini ya udongo. Mjibu hivi: hapumui tena mwanangu, kwa hiyo udongo haumuumizi.