Dakika 28 za Japani: kwa nini tahadhari ya kwanza ya tsunami ilisema mita 3

Haya jamani, tuchukue tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, pwani ya Tohoku. Pale chini ya bahari bamba la Pasifiki, kipande kikubwa cha ganda la dunia, linazama chini ya lile lililobeba Japani, sasa yalikuwa yamenatana miaka mingi sana na la juu likawa linaburutwa chini kidogo kidogo na mwenzake. Siku ile yakaachia, tetemeko likapiga. Ukingo wa bamba la juu ukafyatuka na kupanda mita kadhaa, na maji yote yaliyokuwa juu yake, kuanzia sakafuni mpaka juu, yakainuka kwa pamoja. Hapo ndo tsunami inazaliwa, kwenye sakafu kupanda au kushuka. Mabamba yakisuguana ubavu kwa ubavu tu, hata tetemeko liwe kubwa, mara nyingi wimbi la maana halitoki.

Likishaanza safari spidi yake inategemea kina. Chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili, hapo una mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Kwenye mita 4,000 unapata kama kilomita 710 kwa saa, na mtu aliye kwenye meli hashtuki sababu mwinuko wake ni mdogo na umetandaa kilomita nyingi. Kwenye mita 10 inabaki kilomita 36 tu, sasa mbele limepunguza mwendo na nyuma bado linasukuma, maji yanajazana, yanapanda.

Turudi kwenye tahadhari. Ilitoka ndani ya dakika 3, kasi ya ajabu kabisa, ila kwa haraka hiyo vipimo vilionyesha ukubwa wa 7.9 wakati tetemeko lilikuwa 9.0, yaani nguvu zaidi ya mara 40. Ufa ulikuwa bado unaendelea kupasuka wakati wataalamu wanapiga hesabu! Mkoa wa Iwate ukaambiwa mita 3. Mji wa Taro, hukohuko Iwate, ulikuwa na ukuta wa mita 10 wa kuzuia tsunami, niambieni nani angekimbia? Boya la GPS nje ya Kamaishi ndo likaona bahari yenyewe inavyopanda, saa 9:14, dakika 28 baada ya tetemeko, makadirio yakaongezwa, ila umeme ulishakatika sehemu nyingi na wengi hawakusikia. Maji yakaupita ule ukuta.

Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu namba ndogo ilikuwa mbaya kuliko kukosa namba. Tangu 2013 Wajapani wakihisi tetemeko ni kubwa kupita kiasi, tangazo la kwanza linasema tu wimbi ni kubwa mno, mita zinakuja baadaye. Halafu wamelaza kebo zenye vituo 150 kwenye sakafu ya bahari, sensa zinapima mgandamizo wa maji, wimbi likipita juu yake linajulikana palepale bila kukisia kutokana na mtikisiko. Ila kwa aliye karibu na chanzo dakika ni chache mno, ukitikiswa muda mrefu panda mlimani bila kungoja king'ora, na usishuke wimbi la kwanza likirudi, la pili au la tatu laweza kuwa kubwa zaidi.