Pakiti ya kuamsha kompyuta hufia kwenye ruta ya mwisho

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu habari za jioni. Mada yangu ni kuamsha kompyuta kwa mbali, ile huduma ambayo kwenye BIOS mnaiona imeandikwa Wake-on-LAN. Sitaimaliza yote. Nataka tushughulike na kero moja tu: ukiwa subneti moja na kompyuta, unatuma pakiti ya uchawi na inaamka, ukihamia subneti nyingine, unatuma mpaka unachoka na kompyuta imelala palepale.

Jibu linalozunguka vijiweni ni kwamba ruta hazipitishi hizo pakiti. Jibu hilo lina ukweli nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayotupotezea usiku. Pakiti yenye anwani inayoeleweka inaweza kupita ruta tano bila kuguswa. Inafia kwenye ruta ya mwisho, ile yenye mguu ndani ya subneti ya kompyuta unayoitafuta. Kwa hiyo ukianza kukagua njia nzima, unakagua mahali pasipo na tatizo.

Kwanza tuione pakiti yenyewe. Ndani yake kuna baiti 6 za FF, halafu anwani ya MAC ya kompyuta imerudiwa mara 16. Jumla baiti 102, basi. Kwa kawaida tunaifunga ndani ya UDP na kuipeleka poti namba 9, lakini kadi ya mtandao haijali poti. Kompyuta ikiwa imezimwa, hakuna Windows wala Linux ya kusoma IP. Kilicho macho ni kadi peke yake, inayokula umeme kidogo wa akiba na kuchungulia kila fremu inayoifikia: je, humu kuna FF sita zikifuatwa na MAC yangu mara 16? Ikiona, inaiwasha kompyuta. Shikeni neno moja hapo: fremu *inayoifikia*. Fremu lazima iwe imeandikwa MAC ya kadi hiyo, au iwe tangazo la watu wote, yaani ff:ff:ff:ff:ff:ff. Na mwenye kuandika anwani hiyo kwenye fremu ya mwisho si wewe mtumaji. Ni ruta ya mwisho.

Sasa tuchukue chuo cha kufikirika pale Mwenge. Seva ya fundi iko VLAN 10, anwani yake 192.168.10.5. Maabara ya kompyuta 40 iko VLAN 20, subneti 192.168.20.0/24. Katikati kuna swichi kubwa ya Cisco inayofanya kazi ya ruta. Fundi anakaa Mbagala, na hana haja ya kupanda daladala mbili usiku ili akabonyeze vitufe 40 kabla ya masasisho.

Anaanza na programu ya kawaida, ambayo bila kuambiwa kitu inatuma kwenda 255.255.255.255. Anwani hiyo maana yake ni "wote mlio hapa", na "hapa" inaishia kwenye ruta. Hakuna ruta inayoruhusiwa kuipeleka mbele, na ingekuwa vinginevyo tangazo moja lingeizunguka dunia. Hilo ni rahisi, tusonge.

Anajaribu njia ya pili, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Anaituma moja kwa moja kwa anwani ya kompyuta, tuseme 192.168.20.37. Kompyuta za maabara zimezimwa saa 11 jioni. Saa 12 jioni anajaribu, inaamka! Anafurahi, anaizima tena, anapanga kazi ijiendeshe saa 8 usiku. Asubuhi anakuta hakuna iliyoamka. Anabadilisha kebo, anasasisha BIOS, anailaumu kadi.

Kilichotokea ni hiki. Pakiti ilipofika ruta ya mwisho, ruta ilihitaji kujua MAC ya 192.168.20.37. Kwa kawaida inauliza kwa ARP: nani mwenye anwani hii? Mwenye anwani amelala, hajibu. Ni kama tarishi aliyefika mtaani na barua yenye jina tu. Akiuliza na mwenyewe haitiki, barua inarudi. Lakini saa 12 jioni ruta haikuhitaji kuuliza, maana ilikuwa bado inakumbuka jibu la mchana. Vifaa vya Cisco kwa kawaida hutunza jibu la ARP kwa muda wa saa 4. Likiisha, ruta inauliza upya, haijibiwi, inafuta. Kufika saa 8 usiku kumbukumbu imeshafutika na pakiti inatupwa. Ruta za MikroTik na zile zenye Linux husahau mapema zaidi, kwa hiyo huko jaribio linaweza kufeli ndani ya dakika chache. Ukisikia mtu anasema "inafanya kazi muda mfupi baada ya kuzima, halafu inakataa", usitafute mbali. Ni ARP. Kuna kadi zinazoweza kujibu ARP zenyewe wakati kompyuta imesinzia, lakini ikiwa imezimwa kabisa msilitegemee hilo.

Njia ya tatu ndiyo iliyokusudiwa: tangazo la kuelekezwa. Unatuma kwenda 192.168.20.255, anwani ya mwisho ya subneti ile.

```
wakeonlan -i 192.168.20.255 00:11:22:33:44:55
```

Utamu wake ni kwamba ruta za njiani hazijui kuwa hilo ni tangazo. Hazijui barakoa ya subneti ya mbali, kwa hiyo zinaiona kama anwani ya mtu yeyote na kuipitisha. Ni ruta ya mwisho tu inayotambua kwamba .255 kwangu ni wote. Hapo ina hiari mbili: kuigeuza kuwa fremu ya ff:ff:ff:ff:ff:ff na kuimwaga kwenye VLAN, au kuitupa. Tangu zamani kidogo, inaitupa.

Haikuwa hivyo mwanzoni. RFC 1812 ya mwaka 1995 ilitaka ruta zipitishe matangazo haya zisipoambiwa vinginevyo. Kisha likaja shambulio la Smurf. Mshambuliaji anatuma pingi moja kwenda .255 ya subneti ya watu, akighushi anwani ya mtumaji iwe ya adui yake. Maabara yetu ya kompyuta 40 ingepokea pingi moja na kumrushia yule maskini majibu 40. Kwenye subneti ya mamia ya kompyuta, mtu mwenye laini dhaifu ya simu aliweza kuzamisha laini nene ya mwingine, na wenye subneti hawana habari. Agosti 1999 ikatoka RFC 2644, ikageuza kanuni: ruta iyatupe matangazo ya kuelekezwa mpaka msimamizi aamue kuyaruhusu. Kwa hiyo ruta inayoua pakiti yako haina hitilafu. Inatii.

Kuifungua kwenye Cisco ni mistari mitatu:

```
access-list 120 permit udp host 192.168.10.5 any eq 9
interface Vlan20
 ip directed-broadcast 120
```

Amri inawekwa Vlan20, upande inakotokea pakiti kwenda maabara. Nimeona mafundi wakiiweka upande wa seva na kushangaa. Na ile namba 120 msiiache, hata kama amri inakubali bila hiyo. Orodha ile inasema ni UDP tu, kutoka seva ile tu, kwenda poti 9 tu. Pingi haipiti, na mlango wa Smurf unabaki umefungwa. Mtu wa ndani anaweza kughushi anwani ya seva, ni kweli, lakini atakachoambulia ni kuwasha kompyuta.

Binafsi, penye MikroTik sifungui tangazo lolote. Ruta ya mwisho tayari ina mguu ndani ya VLAN, basi iambie iitume yenyewe:

```
/tool wol interface=vlan20 mac=00:11:22:33:44:55
```

Unaingia kwa SSH kutoka seva, unatoa amri, unatoka. Kilichosafiri kati ya subneti ni SSH, na pakiti ya uchawi imezaliwa palepale inapohitajika. Kama ruta yako haina amri ya namna hiyo, kifaa chochote kidogo kisichozimwa ndani ya maabara, hata Raspberry Pi, kinafanya kazi hiyohiyo.

Kujua tatizo liko upande gani, washa kompyuta moja ya maabara, weka hii, kisha tuma kutoka VLAN 10:

```
tcpdump -n -e -i eth0 udp port 9
```

Ile `-e` ndiyo muhimu, inaonyesha MAC. Ukiona pakiti imeingia na ff:ff:ff:ff:ff:ff, ruta imemaliza kazi yake na ugomvi wako ni na kompyuta iliyolala. Usipoona kitu, rudi kwenye ruta ya mwisho. Kumbukeni tu kwamba kwa njia ya `/tool wol` huenda pakiti isije kwa sura hiyo ya UDP poti 9, kwa hiyo ondoeni kichujio cha `udp port 9`.

Kuna dada pale nyuma ameniandikia kikaratasi: amefanya yote, tcpdump haioni kitu, na subneti yake ni 192.168.20.0/23. Dada yangu, umetuma kwenda 192.168.20.255, sivyo? Anatikisa kichwa, ndiyo. Kwenye /23 hiyo, 192.168.20.255 ni anwani halali ya kompyuta moja, na ruta inaiulizia kwa ARP kama nyingine yoyote. Tangazo la subneti yako ni 192.168.21.255. Tumezoea /24 mno kiasi kwamba .255 tunaiandika tukiwa usingizini.

Kaka huyu wa mbele anauliza kwa nini kwake zinaamka siku zote isipokuwa baada ya umeme kukatika. Swali zuri, na linatuhusu sana hapa mjini. Umeme ukikatika kabisa, kadi inapoteza ule umeme wa akiba, na kwenye mashine nyingi huwa inasahau kwamba iliagizwa kusubiri pakiti. Agizo hilo hupewa na mfumo wa uendeshaji wakati wa kuzima. Umeme ukirudi, taa ya swichi inaweza hata kuwaka, tcpdump ikaonyesha kila kitu sawa, na kompyuta isiamke. Ingia BIOS, tafuta kipengele cha kurudi kwa umeme, chagua kompyuta ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, kisha ratiba ya usiku iizime vizuri. Ikizimwa na mfumo wake, kadi inaagizwa upya. Kama kompyuta 40 kuwaka kwa pamoja kunaangusha kikata umeme cha maabara, gawa maabara: baadhi zijiwashe, nyingine zisubiri mtu wa asubuhi.

Nani mwingine?