Kamera ya Theluthi ya Bei: Tulivyolikagua Duka Hadi Ukurasa wa Malipo

REHEMA: Karibu msikilizaji. Mimi ni Rehema, na kama kawaida niko na kaka Salim, aliyewahi kukaa dawati la malalamiko ya kadi benki, kwa hiyo hadithi za pesa zilizopotea anazo za kutosha. Leo tuna tangazo moja tu mezani. Msikilizaji wetu aliona kamera mtandaoni kwa theluthi ya bei ya kawaida, akajaza kadi, kisha akasita mwishoni kabisa. Ametutumia picha za kila ukurasa. Jina la tovuti tumelibadilisha.

SALIM: Na alisita mahali penyewe hasa. Tutafika huko.

REHEMA: Tuanze na bei basi. Bei ya chini peke yake si kosa. Watu huuza mali iliyotumika, maduka humaliza toleo la zamani.

SALIM: Kweli, ila bei nafuu ya kweli huja na sababu unayoweza kuiona. Kamera imetumika, boksi limepasuka, limebaki toleo la mwaka juzi, zimebaki mbili tu. Hapa hakuna sababu yoyote. Kamera mpya, rangi zote zipo, lenzi zote zipo, na kila bidhaa dukani imepunguzwa kwa asilimia ileile. Duka lenye mali halisi halifanani hivyo, maana mali huisha bila mpangilio: hiki kimekwisha, kile kimebaki kimoja.

REHEMA: Na juu kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, "ofa inaisha baada ya dakika kumi na tano."

SALIM: Upakie ukurasa upya uone. Yetu ilianza tena dakika kumi na tano. Hiyo saa haipimi ofa, iko pale kukuharakisha.

REHEMA: Haya, anwani. Ilikuwa hivi, naisoma kama ilivyoandikwa:

```
https://kameramaarufu.duka-ofa.example/punguzo
```

Msikilizaji anasema aliona jina la chapa anayoijua mwanzoni, akatulia.

SALIM: Ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu tunasoma kutoka kushoto. Anwani ya tovuti mwenyewe wake yuko kulia. Ruka ile `https://`, kisha tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, hapa ni ule kabla ya neno `punguzo`. Toka hapo rudi nyuma. Unakuta `example`, huo ni mwisho wa jina. Kabla yake, `duka-ofa`. Huyo ndiye mwenye tovuti. Neno lililo mbele zaidi, `kameramaarufu`, mwenye tovuti anaweza kuandika chochote anachotaka pale bila kumwomba mtu ruhusa.

REHEMA: Kwa hiyo hii si tovuti ya chapa ile.

SALIM: Haihusiani nayo hata kidogo. Tahadhari moja: kuna miisho yenye sehemu mbili, kama `.co.uk`, na hapo unarudi nyuma hatua moja zaidi kumpata mwenyewe.

REHEMA: Ameuliza pia kuhusu kufuli. Aliambiwa zamani kwamba ukiona kufuli karibu na anwani, tovuti ni salama.

SALIM: Kufuli lilimaanisha kitu kimoja: mawasiliano kati ya simu yako na tovuti ile yamefichwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Halikusema lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Cheti kinachowezesha hilo hutolewa bure, na tapeli hukipata kwa dakika chache. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa ile alama mwaka 2023, na moja ya sababu ni kwamba watu walikuwa wakiielewa vibaya.

REHEMA: Umri wa tovuti je? Hilo mimi hulipenda kwa sababu ni la dakika moja.

SALIM: Nenda `lookup.icann.org`, andika jina bila `https://` na bila neno la mbele kama `kameramaarufu`, kisha utafute mstari wa `Created`. Miisho mingi mikubwa kama `.com` itakupa tarehe. Ya msikilizaji wetu ilikuwa imesajiliwa wiki chache tu nyuma, wakati chini ya ukurasa wameandika kwamba wamehudumia wateja kwa zaidi ya miaka kumi.

REHEMA: Hapo nilicheka.

SALIM: Lakini usilitegemee peke yake, dada. Majina ya zamani huachwa na kuuzwa, na tapeli anaweza kununua lenye miaka minane. Ukikuta umri mkubwa, pita `web.archive.org` uone tovuti ilikuwa na nini zamani. Ikiwa mwaka jana palikuwa na kanisa au chama cha wafugaji wa nyuki na leo pana kamera, umeshajua.

REHEMA: Na duka jipya la mtu mkweli? Kila duka liliwahi kuwa na wiki moja.

SALIM: Ndiyo maana mimi vyote hivyo navihesabu kuwa vya kutilia shaka tu. Kinachoamua ni ukurasa wa malipo. Tovuti mtu anaweza kuipamba, picha anaweza kuziiba, maoni ya wateja anaweza kuyaandika mwenyewe usiku mmoja. Lakini lazima pesa ifike kwake, na ifike kwa njia ambayo huwezi kuivuta irudi. Hapo hana namna ya kujificha.

REHEMA: Tuufungue basi. Kuna alama za kadi zote, njia za malipo zote zimepangwa vizuri. Msikilizaji akajaza namba ya kadi, tarehe, zile tarakimu tatu za nyuma. Ukurasa ukasema: "Malipo yameshindikana, weka namba ya uthibitisho tuliyokutumia." Na ujumbe kweli ukaja kwenye simu, kutoka benki yake halisi.

SALIM: Sasa soma ujumbe wenyewe.

REHEMA: Nausoma: "Tumia namba hii kuongeza kadi yako kwenye pochi ya simu. Usimpe mtu yeyote."

SALIM: Umesikia? Hakuna jina la duka, hakuna kiasi cha pesa. Yule tapeli, wakati msikilizaji anajaza fomu, alikuwa anazipokea zile namba moja kwa moja na kuziingiza kwenye simu yake yeye, ili kadi ya msikilizaji ikae humo. Benki ikauliza, je, ni wewe? Ikatuma namba. Angeiandika pale dukani, tapeli angetembea na kadi yake mfukoni, akilipia madukani kwa kugusisha simu. Kamera haikuwa na maana yoyote, ilikuwa chambo tu.

REHEMA: Kwa hiyo ujumbe usomwe wote, si zile tarakimu peke yake.

SALIM: Mara nyingi ujumbe wa ununuzi hutaja muuzaji na kiasi. Ukikuta kiasi si kile, au jina si lile, au unazungumzia kuongeza kadi, kuingia kwenye akaunti, kubadilisha nywila, basi namba hiyo haina kazi dukani. Simama hapo hapo.

REHEMA: Alisimama. Akaondoka kwenye ukurasa. Dakika chache baadaye, "huduma kwa wateja" wakamwandikia WhatsApp: mtambo wa kadi una hitilafu, tuma kwa akaunti ya benki, tutakuongezea punguzo.

SALIM: Hilo punguzo la pili ndilo linalonikera zaidi. Angalia jina la akaunti waliyompa.

REHEMA: Ni jina la mtu. Duka lina jina lake, akaunti ina jina la mtu binafsi ambaye hatajwi popote kwenye tovuti.

SALIM: Na mara nyingi huyo mwenye akaunti naye ni mtu aliyekodiwa kupokea na kupitisha, kwa hiyo ukimfuata hukuti kitu. Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo ningependa watu waishike. Ukilipa kwa kadi na bidhaa isifike, una haki ya kuiomba benki yako iyapinge malipo, na benki ya muuzaji itatakiwa kujibu. Kwa kadi nyingi za Visa na Mastercard muda wa kulalamika ni kama siku 120, ingawa kila benki ina taratibu zake, kwa hiyo usikae. Lakini pesa uliyoihamisha wewe mwenyewe kwenda akaunti ya mtu, benki inaiona kama agizo lako. Wataomba irudishwe, na kama imeshatolewa, mara nyingi ndiyo basi. Sarafu za kidijitali ni ngumu zaidi. Kadi za zawadi, ukishasoma zile namba kwa mtu, thamani yake imeondoka.

REHEMA: Na wale wanaosema, "tuma kama unamtumia ndugu au rafiki, tuepuke makato"?

SALIM: Kwenye PayPal, malipo ya aina hiyo hayamo kwenye ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji anayekuomba hivyo anakuomba uvue ulinzi wako ili yeye aokoe makato. Kama makato ndiyo shida, ayaongeze kwenye bei.

REHEMA: Kuna pia majukwaa ya mnada na matangazo, ambako muuzaji anasema tutoke nje ya jukwaa tumalizane pembeni.

SALIM: Ni hilohilo. Ukitoka nje, jukwaa halina rekodi ya malipo na halina cha kukurudishia. Wengine hukutumia kiungo cha "mtunza amana" anayeshika pesa hadi upokee mzigo. Wazo ni zuri, ila ukifuata kiungo cha muuzaji unaweza kukuta mtunza amana na muuzaji ni mtu mmoja.

REHEMA: Msikilizaji wetu ameshaweka namba za kadi pale, hata kama hakuandika ile ya uthibitisho. Afanye nini?

SALIM: Aifunge kadi leo kupitia programu ya benki, au apige namba iliyo nyuma ya kadi, si ile iliyo kwenye WhatsApp. Aombe kadi mpya yenye namba mpya, maana kuifungua tena ileile hakusaidii, tapeli anazo namba zote. Aulize pia kama kuna pochi ya simu iliyounganishwa na kadi yake. Na picha zile za kurasa azihifadhi, benki itazitaka.

REHEMA: La mwisho, limeulizwa na wengi: kulipa mzigo ukifika si ndiyo dawa?

SALIM: Husaidia, kama unaruhusiwa kufungua boksi kabla ya kulipa. Wasafirishaji wengi hukusanya pesa kwanza, na wao hawajui kilichomo ndani. Uliza kabla ya kuagiza: nafungua kwanza au nalipa kwanza? Ukijibiwa kwamba unalipa kwanza, basi umebebewa boksi tu hadi mlangoni, hujakingwa na lolote.

REHEMA: Na duka letu la kamera halikutoa hata nafasi hiyo.

SALIM: Haikuwepo kabisa. Hawana kamera ya kumpa msafirishaji.