Be, Te na Barua ya Babu

ZUHURA: Leo katika kipindi chetu cha redio tulipanga mafunzo matatu ya kusoma Kiswahili cha hati za Kiarabu zisizo na irabu, lakini Jumapili shangazi yangu wa Mombasa alinifungulia kasha la babu, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa raha kwa sababu ya neno moja.

HAMISI: Ni lile ulilonipigia simu usiku, Bi Zuhura?

ZUHURA: Ndilo. Babu ameandika "nimepokea", kisha herufi be na te, kisha lamu na kafu. Nukta zote zinaonekana: moja chini ya be, mbili juu ya te.

HAMISI: Tuanze na hiyo be, kwa kuwa waandishi wengi wa zamani waliitumia kwa b, kwa p na hata kwa mb. Je, kwingineko anaitofautisha p?

ZUHURA: Hapana. Jina la Pemba, ambalo halina shaka, ameliandika kwa be ileile. Kwa hiyo tunao bata, bati, pete, pato, puto na mengineyo.

HAMISI: Hapo ndipo upatanisho unapotusaidia. Lamu na kafu ni "lake" au "lako", kwa hiyo pete inaondoka, kwa maana tungeona ye ya "yake", na bata naye anaondoka, kwa kuwa angedai wau ya "wake". Puto halina nafasi katika barua ya nyumba na shamba. Yanabaki bati na pato.

ZUHURA: Nami nasema ni bati, kwa kuwa mstari uliotangulia unalalamikia paa linalovuja.

HAMISI: Mstari unaofuata unataja nazi zilizouzwa, basi ni pato la shamba. Tena, nani huezeka paa kwa bati moja? Angeandika "mabati yake", na tungeona mimu mwanzoni na ye badala ya lamu.

ZUHURA: Kaka Hamisi, watu husema "nyumba ya bati" bila kuhesabu vipande. Anataja bidhaa.

HAMISI: Bidhaa ya nani? Ukisoma "lako", mwandikiwa ndiye mwenye pato, na barua inakuwa hesabu ya wakili kwa mwenye shamba.

ZUHURA: Ukisoma "lake", ni bati la nyumba. Laiti angeweka alifu!

HAMISI: Alifu baada ya be isingetufaa kitu, kwa sababu bati na pato yote yana a katika silabi ya kwanza. Tulihitaji herufi ya mwisho: ye kwa bati, wau kwa pato.

ZUHURA: Nimelitazama karatasi juani, na baada ya te hakuna hata alama ya wino uliofifia. Hata hivyo sibadili usomaji wangu.

HAMISI: Wala mimi. Na fundi wa mitambo ananionyesha kuwa imebaki dakika moja.

ZUHURA: Basi yale mafunzo matatu tuyaache. Wiki ijayo nitaileta barua ya pili ya mkono huohuo, tutafute neno lolote linaloishia kwa i, tuone kama huwa anaiandika ye yake.